Konea nyembamba, kazi ya zimamoto na raga: PRK, LASIK au SMILE?

Swali: Shikamoo daktari. Nina miaka 27, ni askari wa zimamoto hapa Mombasa na wikendi nacheza raga. Sioni mbali na nataka upasuaji wa leza ili niache miwani: jicho la kulia ni -4.50, la kushoto -5.00 na astigmatizimu ya -0.75. Unene wa konea umepimwa maikroni 498 kulia na 492 kushoto. Kliniki ya kwanza ilisema LASIK hainifai. Ya pili ikasema nifanye SMILE kwa sababu ndiyo ya kisasa. Ya tatu ikasema ni PRK tu, nyingine zote nisahau. Nimfuate nani? Na nikipigwa kiwiko usoni mwaka mmoja baada ya upasuaji, jicho litakuwa salama?

Jibu: Marahaba, kijana wangu. Kwa namba hizo na kazi hiyo, kama ramani za konea zako, yaani kile kioo cha mbele ya jicho, ni safi, ningekufanyia PRK. SMILE ingekuwa chaguo la pili ambalo siwezi kulikataa moja kwa moja. LASIK nisingekufanyia. Kwa hiyo kliniki ya kwanza na ya tatu ziko karibu na ukweli, na ya pili haikudanganya, ila imekupa sababu dhaifu. Upya wa mashine hauniambii lolote kuhusu jicho lako.

Hilo neno "kama" ndilo zito kuliko yote. Umenitumia unene, hukunitumia ramani, na kwangu ramani hutangulia unene. Konea nyingi huwa na maikroni 540 hivi katikati, kwa hiyo 492 ni nyembamba kweli. Lakini kuna watu waliozaliwa na konea nyembamba zenye afya, zikakaa hivyo hivyo hadi uzee. Na kuna wengine ambao konea ni nyembamba kwa sababu imeanza kulegea na kuchongoka kwenda mbele, ugonjwa tunaouita keratokonasi. Kifaa cha kupima unene kinaweza kuwapa watu hao wawili namba ileile. Wa kwanza anaweza kufanyiwa leza akapona vizuri. Wa pili ukimfanyia leza ya aina yoyote kati ya hizi tatu, unauharakisha ugonjwa, na baada ya mwaka au miaka kadhaa anarudi akiona vivuli viwili vya kila taa na miwani haimsaidii tena.

Ramani ndiyo inayowatenganisha. Omba upigwe picha ya konea mbele na nyuma, kwa kifaa cha aina ya Pentacam au kinachofanana nacho, kisha umwombe daktari akuonyeshe mambo matatu kwenye skrini. Je, mchoro wa juu na wa chini unalingana, au nusu ya chini imekuwa kali zaidi? Sehemu nyembamba kuliko zote iko karibu na katikati, au imesogea chini kuelekea pembeni? Na uso wa nyuma wa konea ni laini, au una kinundu mahali palepale penye wembamba? Ugonjwa mara nyingi hujitokeza nyuma kabla ya mbele, ndiyo maana ramani ya mbele peke yake haitoshi kwa mtu mwenye konea kama yako. Macho yote mawili yatazamwe kwa pamoja, kwa sababu jicho moja likiwa na dalili, la pili nalo lina shaka hata likionekana zuri.

Kama huvaa lenzi za kubandika machoni, ziache kabla ya kipimo hicho: laini kwa wiki moja hadi mbili, ngumu kwa wiki tatu au nne. Lenzi huikandamiza konea na kuifanya ramani iseme uongo.

Kuna swali jingine ambalo kliniki nyingi hulipitia haraka: unasugua macho? Huku kwetu mzio wa macho wa utotoni, ule wa kuwasha na kutoa uzi mweupe wa ute, ni wa kawaida sana, na watoto waliokua wakisugua macho miaka mingi ndio tunaokuja kuwakuta na keratokonasi wakiwa vijana. Kama ulikuwa mmoja wao, au kama hadi leo moshi na vumbi vya kazini vinakufanya ukande macho kwa vifundo vya vidole, mwambie daktari kabla hajakuuliza. Mwambie pia kama miwani yako imebadilika kwa zaidi ya nusu dayopta, yaani 0.50 kwenye namba ya miwani, ndani ya mwaka mmoja, hasa ile astigmatizimu ya kushoto. Kwa umri wa miaka 27 namba inatakiwa iwe imetulia. Ikiwa bado inapanda, au ramani ina shaka hata ndogo, jibu langu linabadilika: usifanye hata moja kati ya hizi tatu. Rudi baada ya miezi sita au mwaka upimwe tena, na kama konea inaonekana kulegea, kinachofuata ni kuikaza kwa dawa ya raiboflavini na mwanga wa urujuanimno, si kuipunguza.

Sasa tuchukulie ramani zimetoka safi. Twende kwenye hesabu, kwani hapo ndipo utaona kwa nini madaktari watatu wametoa majibu matatu.

Upasuaji wote huu unafanya kazi moja: kuondoa nyama kidogo katikati ya konea ili iwe bapa zaidi na picha iangukie kwenye retina, ule utando wa nyuma ya jicho unaopokea picha. Tofauti ni mlango wa kuingilia. Katika PRK tunaondoa ngozi ya juu kabisa ya konea, yenye unene wa maikroni 50 hivi, ambayo huota upya ndani ya siku chache. Kisha leza ya eksaima inachonga juu ya stroma, yaani ile nyama yenyewe ya konea. Katika LASIK leza nyingine, ya femtosekunde, inakata kifuniko cha maikroni 100 hadi 120 kinachobaki kimeshikwa upande mmoja. Kinafunuliwa, tunachonga chini yake, kinarudishwa. Katika SMILE hakuna kifuniko. Leza inachora ndani ya konea kipande chembamba chenye umbo la lenzi, na daktari anakivuta nje kupitia mkato wa milimita mbili hadi nne pembeni.

Tuchukue jicho la kushoto, kwa kuwa ndilo gumu. Mhimili wake wenye nguvu zaidi unahitaji kusahihishwa dayopta 5.75, yaani 5.00 na ile 0.75 ya astigmatizimu. Kanuni ya haraka tunayotumia mezani ni kuzidisha nguvu hiyo kwa kipenyo cha eneo la kuchongwa, kuzidisha tena kwa kipenyo hichohicho, kisha kugawanya kwa tatu. Kwa eneo la milimita 6.5:

5.75 × 6.5 × 6.5 ÷ 3 = 81

Kwa hiyo zitaondolewa takriban maikroni 81. Mashine itatoa namba tofauti kidogo, lakini haitakuwa mbali.

Kwa LASIK yenye kifuniko cha 110, chini yake zitabaki 492 − 110 − 81, yaani maikroni 301. Kikomo cha zamani kilikuwa 250 na wengi wetu siku hizi tunataka 300, kwa hiyo mtu angeweza kusema umepita. Lakini tazama kwa njia nyingine: kifuniko na kilichochongwa kwa pamoja ni 191, karibu asilimia 39 ya konea yote. Utafiti wa Santhiago na wenzake uliochapishwa 2014 uliwaangalia watu ambao ramani zao zilikuwa nzuri kabisa kabla ya LASIK lakini konea zikalegea baadaye, na ukaonyesha kwamba hatari hupanda sana sehemu hiyo ikifika asilimia 40. Wewe unasimama kizingitini. Kifuniko kikikatwa kinene kwa maikroni kumi tu kuliko kilivyopangwa, umeshavuka. Ndiyo maana kliniki ya kwanza ilikataa, na ilifanya vyema. Jicho la kulia peke yake lina nafasi zaidi, linafika kama asilimia 35, lakini hakuna maana ya kulifanyia hilo LASIK na lile jingine kitu kingine kwa mtu wa kazi yako.

Kwa PRK hesabu ni nyepesi. Ngozi ya maikroni 50 inaondoka na kurudi, 81 zinachongwa, na nyama nzima iliyobaki ni 361, yote ikiwa imeshikana bila mkato wowote katikati.

SMILE ndiyo inayowachanganya watu. Kipande kinachotolewa lazima kiwe na unene kidogo hata kingoni ili kisichanike kikivutwa, kwa hiyo huchukua kama maikroni 15 zaidi kuliko leza ya kuchonga. Weka 96. Juu yake kuna tabaka la maikroni 120 ambalo halikufunuliwa. Chini zitabaki 276. Ukiitazama namba hiyo peke yake, SMILE inaonekana mbaya kuliko LASIK, na nimewahi kuona madaktari wakiikataa kwa sababu hiyo tu. Lakini lile tabaka la juu halijakatwa mzunguko mzima kama kifuniko, nyuzi zake nyingi bado zimevuka kutoka ukingo hadi ukingo, na nyuzi za mbele ndizo zenye nguvu kuliko za nyuma. Ukitoa ngozi ya juu, tabaka hilo lina nyama ya maikroni 70 inayoendelea kubeba mzigo. Jumla ni 346. Kwa hiyo kwa uimara wa konea SMILE inaikaribia PRK, na kifuniko cha LASIK ndicho kinachobaki nyuma kwa sababu nyama yake haibebi karibu chochote tena. Hata hivyo, hesabu hiyo ya uimara imetokana kwa sehemu kubwa na mifano ya kimahesabu na vipimo vya maabara, na wapo wagonjwa waliolegea konea baada ya SMILE, baadhi yao wakiwa na ramani zilizokuwa na shaka tangu mwanzo. Anayekwambia SMILE haiwezi kulegeza konea anauza kitu.

Turudi kwenye kiwiko chako. Kifuniko cha LASIK hakiungani tena kama kidonda cha mkononi kinavyofunga. Wanamaabara wa Marekani walichukua macho ya watu waliofariki miaka kadhaa baada ya LASIK na kupima nguvu ya kuvuta kifuniko kutoka kwenye kitanda chake. Matokeo yao ya 2005 yalikuwa asilimia 28 hivi ya nguvu ya kawaida pembeni, mahali penye kovu, na katikati asilimia 2.4 tu. Kinachokishikilia kifuniko ni ukingo, pamoja na pampu ya seli za ndani inayokivuta chini. Kwa karani wa benki hilo linatosha maisha yote. Kwa mchezaji wa raga, kidole kinachoingia jichoni kwa pembe kinaweza kukiinua, na zimeripotiwa ajali za namna hiyo zaidi ya miaka kumi baada ya upasuaji. Tukio lenyewe ni nadra, nikuambie ukweli. Wachezaji wengi duniani wamefanyiwa LASIK na hawajapata shida. Lakini wewe una njia nyingine mbili zisizo na hatari hiyo, kwa hiyo hakuna sababu ya kuibeba.

Nikueleze dalili zake hata hivyo, kwa faida ya wenzako kikosini ambao huenda walishafanyiwa LASIK. Kifuniko kikisogea, maumivu huja papo hapo, jicho linatiririka machozi na kuona kunafifia ghafla, wakati mwingine kama unatazama kupitia nailoni iliyokunjika. Mtu huyo asisuguliwe jicho, asioshwe kwa kulipigia maji kwa nguvu, na asifungwe kitambaa kinachokandamiza. Awekewe kinga ngumu isiyogusa jicho na afike kwa daktari wa macho siku hiyohiyo. Kifuniko kikirudishwa ndani ya saa chache hunyooka. Kikikaa siku kadhaa mikunjo hukomaa, na ngozi ya juu huanza kuota chini yake.

Baada ya PRK hakuna cha kusogea. Konea ikishapona, kidole kikiingia utapata mkwaruzo kama mtu mwingine yeyote. Jeshi la Wanamaji la Marekani lilipoanza kuchunguza leza kwa askari wake miaka ya 1990, lilianza na PRK, na makomando wakiwa miongoni mwa wa kwanza. SMILE nayo haina kifuniko cha kuinuka, ingawa ule mkato mdogo unaweza kufunguka ukingoni siku za mwanzo ukigongwa.

Kwa hiyo kwa nini si kila mtu anafanyiwa PRK? Kwa sababu inauma, na inachukua muda. Hapa nataka usome polepole, maana wengi huambiwa "siku mbili tatu za usumbufu" kisha hukasirika.

Siku ya kwanza hadi ya tatu jicho huwaka kama limeingiwa na mchanga na pilipili. Tunaweka lenzi laini ya bandeji kwa siku nne au tano hadi ngozi iote, na tunakupa vidonge vya maumivu. Usitumie kiholela matone ya ganzi: yanaondoa maumivu lakini yanazuia ngozi kuota, na mtu akiyapata dukani akayatumia siku kadhaa anaweza kuitoboa konea. Wiki ya kwanza utaona ukungu. Mwisho wa wiki wengi huweza kutembea na kujihudumia, lakini kusoma namba ya gari kwa mbali huja polepole ndani ya wiki nne hadi kumi na mbili. Aliyefanyiwa LASIK huona vizuri kesho yake, na wa SMILE ndani ya siku chache. Kwa dereva wa gari la zimamoto tofauti hiyo ni kubwa. Omba likizo ya kutosha kabla hujapanga tarehe.

Maumivu ya PRK yanatakiwa kupungua kila siku. Yakiongezeka baada ya siku ya tatu, jicho likawa jekundu zaidi, likatoa usaha au ukaona doa jeupe kwenye kioo cha jicho, hiyo inaweza kuwa maambukizi chini ya lenzi ya bandeji. Usingoje miadi. Nenda siku hiyo hata kama ni Jumapili.

Tatizo la pili la PRK ni ukungu wa kovu. Konea iliyochongwa kwa kina inaweza kutengeneza kovu jepesi jeupe, na mara nyingi hujitokeza baada ya miezi miwili mitatu, wakati mtu ameshasahau. Utaanza kuona taa zikitawanyika usiku na namba ya miwani kurudi kidogo. Kina cha maikroni 81 ni cha kutosha kunifanya nitumie dawa ya mitomaisini ya asilimia 0.02 juu ya konea kwa sekunde chache mwishoni mwa upasuaji, kisha kuiosha vizuri. Muulize daktari wako kama ataitumia. Jua kali nalo huchochea kovu hilo, na Mombasa jua si la kuombwa. Miwani myeusi yenye kinga ya urujuanimno kila utokapo nje, kwa miezi sita angalau, na kofia yenye ukingo. Kama ngozi yako hutengeneza makovu yanayovimba, yale ya keloidi, mwambie daktari. Maonyo ya zamani ya watengenezaji yaliwakatisha watu hao tamaa, lakini uzoefu uliofuata haukuonyesha kwamba konea zao hupata kovu zaidi ya wengine.

La tatu linatuhusu sana sisi Waafrika. Baada ya PRK utatumia matone ya steroidi kwa mwezi mmoja hadi mitatu, ukiyapunguza hatua kwa hatua. Kwa baadhi ya watu matone hayo hupandisha presha ya macho bila maumivu yoyote. Juu ya hapo, konea nyembamba hukifanya kifaa cha kupima presha kisome chini kuliko ukweli, na baada ya kuchongwa kitasoma chini zaidi. Mtu mwenye presha ya hatari anaweza kuambiwa yuko sawa. Sisi tayari tuna glakoma nyingi kuliko watu wa mabara mengine. Kwa hiyo presha ipimwe kabla ya upasuaji, na ipimwe tena kila unapoendelea na steroidi, kuanzia wiki ya tatu au ya nne. Kama mzazi au ndugu yako ana glakoma, ningeomba pia picha ya neva ya jicho kabla ya yote, na ningechagua steroidi nyepesi.

Kuhusu kurudi kazini, mimi huwaambia wenye kazi kama yako hivi: kazi ya ofisini au ya redio baada ya wiki moja hadi mbili, mazoezi ya mbio na uzito mara ngozi ikishafunga na lenzi ya bandeji imetoka, na kuingia kwenye moshi, joto na maji machafu baada ya wiki sita, tena kama uono umefikia kiwango ambacho kikosi chako kinakitaka. Raga baada ya mwezi. Kwa SMILE ningefupisha: wiki mbili hadi nne kwa karibu yote hayo.

Ningekubali SMILE kwako kwa masharti. Kwanza ramani iwe safi kabisa, maana hapo sina nafasi ya kuvumilia shaka. Pili, likizo ndefu isiwezekane kwa kweli. Faida yake ya ziada ni kwamba inakata neva chache kuliko LASIK, hivyo ukavu wa macho huwa mdogo, na kwa mtu anayefanya kazi kwenye joto hilo lina uzito. Lakini inamtegemea sana mkono wa daktari. Wakati leza inachora, jicho limeshikwa kwa mfyonzo kwa sekunde chini ya arobaini. Ukishtuka na mfyonzo ukaachia katikati, huenda upasuaji ukasimamishwa au ukageuzwa kuwa mwingine, kwa hiyo uliza mapema: "Ikitokea hivyo, utanifanyia nini?" Akijibu kwamba atageukia LASIK, mwambie tangu hapo kwamba hutaki. Kipande kinaweza pia kuchanika na kubaki ukingoni, na kikibaki utaona kivuli au astigmatizimu mpya. Muulize ameshafanya ngapi, na siyo kliniki bali yeye mwenyewe.

Kuna jambo moja zaidi linalonivuta kwenye PRK. Ikitokea namba imebaki -0.75 baada ya mwaka, juu ya maikroni 361 naweza kurudia kwa urahisi. Baada ya SMILE marudio mara nyingi huwa ni PRK juu yake, au tabaka la juu kugeuzwa kuwa kifuniko, kitu tulichokuwa tunakikimbia tangu mwanzo. Utajikuta umeyapata maumivu ya PRK hata hivyo, ukiwa na konea yenye nafasi ndogo zaidi.

Ramani zikitoka na shaka lakini bado unahitaji kuona bila miwani, iko lenzi inayopandikizwa ndani ya jicho, nyuma ya mboni. Haiondoi nyama ya konea hata kidogo, ingawa inahitaji jicho lenye nafasi ya kutosha mbele, na pigo kali linaweza kuisogeza. Kwa mchezaji wa raga naiweka nyuma. Na kabla hujatumia shilingi yoyote, muulize bwana stoo wa kikosi kama vinyago vyenu vya hewa vina fremu ndogo ya lenzi inayofungwa ndani. Miwani ya kawaida inavunja muhuri wa kinyago kwa sababu mikono yake inapita chini ya mpira, na najua vijana wengi huingia motoni bila miwani kwa ajili hiyo. Fremu hiyo ingekutatulia kazi, na raga ukaiamulia kwa utulivu.

Pigo la kiwiko lina upande mwingine ambao leza yoyote haiugusi. Jicho la -5.00 ni refu, retina yake imetandazwa kwa nguvu zaidi na huchanika kirahisi kuliko ya mtu wa kawaida. Upasuaji unabadilisha mbele ya jicho tu. Nyuma linabaki jicho lilelile la mtu asiyeona mbali. Retina yako ikaguliwe hadi pembeni kabisa mboni ikiwa imepanuliwa kwa dawa, kabla ya upasuaji na kila mwaka kama utaendelea na raga. Siku ukiona vimulimuli vya mwanga gizani, mvua ya vidoa vyeusi, au pazia linaloshuka upande mmoja, hiyo ni dharura ya siku hiyohiyo hata kama unasoma ubao hadi mstari wa mwisho.

Chochote utakachochagua, usitoke kliniki bila nakala ya ramani zako za kabla, unene wa konea, namba ya miwani na presha ya macho ya awali, pamoja na karatasi inayoonyesha mashine iliondoa maikroni ngapi. Piga picha kwenye simu na uhifadhi nakala ya karatasi nyumbani. Daktari atakayekupima glakoma ukiwa na miaka 45 atazihitaji ili asidanganywe na presha inayosoma chini. Na atakayekutoa mtoto wa jicho uzeeni atazitumia kuchagua nguvu ya lenzi, kwa sababu konea iliyochongwa huipotosha hesabu yake ya kawaida, na bila karatasi hizo mara nyingi mtu huishia kuvaa miwani ya namba ambayo hakuitegemea.